Hali ya upofu wa rangi na uhamishaji wa vitufe katika gemu: dalili, visababishi na marekebisho

Gemu nyingi za sasa huja na ukurasa wa mipangilio unaoitwa `Accessibility`, na ndani yake mna mambo mawili yanayotumiwa sana: hali za upofu wa rangi, ambazo hubadilisha rangi ili mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani aweze kucheza, na uhamishaji wa vitufe, ambao humruhusu mchezaji kuitoa kazi kwenye kitufe kimoja na kuipeleka kwenye kingine. Malalamiko yanayoletwa kuhusu mambo haya hujirudia, na mengi yana chanzo kimoja. Jambo lilelile linaweza kubadilishwa ndani ya gemu, katika programu inayoifungua gemu kama Steam, katika mfumo wa kompyuta au konsoli, na pengine ndani ya pedi yenyewe. Kila tabaka hupokea lililoletwa na tabaka lililotangulia bila kujua kwamba limekwisha kubadilishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, andika kwenye karatasi ni tabaka lipi umelibadilisha na umebadilisha nini. Mara nyingi tatizo hujitokeza lenyewe pale pale kwenye karatasi. Baada ya hapo, fanya badiliko moja tu kwa wakati mmoja na ulipime ndani ya mchezo, si ndani ya menyu.

## Hali ya upofu wa rangi imewashwa, lakini maadui na wenzako bado wanafanana

Kisababishi cha kawaida zaidi ni kuchagua aina isiyolingana na macho yako. Menyu huonyesha majina matatu, `Deuteranopia`, `Protanopia` na `Tritanopia`, na wengi huchagua la kwanza waliloliona au lile walilowahi kulisikia. Jina la kwanza linahusu udhaifu wa kuhisi kijani, la pili udhaifu wa kuhisi nyekundu, na la tatu udhaifu wa kuhisi bluu, ambao ni wa nadra sana. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, ambako vipimo vingi vilifanyika, takribani 8 katika kila 100 wana udhaifu wa nyekundu na kijani, na zaidi ya nusu yao wana ule udhaifu mwepesi wa kijani. Ndiyo maana inafaa kuanza na `Deuteranopia` iwapo hujawahi kupimwa.

Ipo njia rahisi ya kujua kama uanze na ya pili badala yake. Tafuta maandishi mekundu yaliyoandikwa juu ya weusi mtupu. Mtu mwenye udhaifu mkubwa wa nyekundu huyaona yamefifia mno, pengine yakapotea kabisa, kwa sababu kwake nyekundu si rangi iliyochanganyika na nyingine tu, bali pia ni rangi yenye giza. Mwenye udhaifu wa kijani huyasoma bila taabu, hata kama hawezi kutaja rangi yake kwa uhakika. Ikiwa maandishi yanakupotea, anza na `Protanopia`.

Kisababishi cha pili ni nguvu ya marekebisho. Gemu inapoweka kitelezi cha nguvu, watu hukivuta hadi mwisho wakiamini kwamba kingi ndicho bora. Walio wengi, hata hivyo, hawana upofu kamili bali udhaifu, na marekebisho ya nguvu kupita kiasi huzisogeza rangi mbali hadi zikagongana na nyingine zilizokuwa salama. Anzia katikati, simama mahali penye alama za pande zote mbili kwa pamoja, kisha panda hatua moja moja hadi uzitofautishe bila kufikiri.

Kisababishi cha tatu ndicho kinachohitaji maelezo marefu, kwa kuwa hakuna menyu inayokisema. Watengenezaji hutumia njia mbili tofauti na kuziita kwa jina lilelile. Njia ya kwanza ni kichujio cha skrini nzima: picha ikishachorwa, kila nukta yake hupitishwa kwenye hesabu inayoisogeza rangi. Njia ya pili ni kubadilisha rangi za vitu vyenye maana peke yake, kwa mfano mstari unaomzunguka adui, alama za ramani na rangi ya afya, huku dunia ya mchezo ikibaki ilivyokuwa. Ili ujue gemu yako inatumia ipi, simama mahali panapoonekana anga na nyasi, kisha uwashe na kuzima hali hiyo ukitazama mandhari, si alama. Anga na nyasi zikibadilika, hicho ni kichujio. Zikibaki vilevile na alama zikabadilika, ni njia ya pili.

Tofauti hiyo ina matokeo. Kichujio hakina habari ya nani ni adui na nani ni mwenzako. Kinajua rangi tu, na kinaposogeza nyekundu ya adui husogeza pia nyekundu ya matofali yaliyo nyuma yake. Aidha, katika baadhi ya gemu kichujio hupita kwenye dunia ya mchezo kabla ya menyu, ramani na alama kuchorwa juu yake, na hapo unapata nyasi zilizobadilika rangi huku ramani, ambayo ndiyo iliyokutatiza, ikibaki na nyekundu na kijani zake za awali. Hilo ni pungufu la gemu, na hakuna kitelezi kitakachoziba pengo hilo.

Marekebisho ya maana hapa ni kuacha kutafuta kichujio bora na kutafuta mpangilio wa rangi mojamoja. Mara nyingi haumo katika ukurasa wa `Accessibility`, bali umewekwa chini ya `Interface`, `HUD` au `Crosshair`. Ukiupata, wape wenzako bluu na maadui rangi ya chungwa au njano. Jozi hiyo hubaki wazi kwa mwenye udhaifu wa nyekundu na kwa mwenye udhaifu wa kijani pia, kwa sababu rangi hizo hutofautiana kwenye mhimili wa bluu na njano, ambao macho yao huuona vizuri. Kama pana nafasi ya kubadilisha umbo la alama, yaani adui apewe pembetatu na mwenzako duara, umbo ni bora kuliko rangi yoyote.

Kisababishi cha nne ni cha nadra, lakini kinapotokea huwachosha watu kwa majuma. Kuna hesabu ya kurekebisha rangi kwa ajili ya mtu mwenye upofu wa rangi, na kuna hesabu nyingine ya kumwonyesha mtu wa kawaida jinsi mwenye upofu anavyoona. Zinafanana sana katika msimbo, na hutokea gemu ikatoka na ya pili mahali pa ya kwanza. Utaigundua hivi: washa hali inayolingana na macho yako kwa nguvu zote, ukiwa na mtu asiye na upofu wa rangi pembeni. Ikiwa wewe huoni badiliko lolote la maana, ilhali yeye anasema skrini imegeuka na kwamba nyekundu na kijani zimekuwa rangi moja ya kahawia, basi gemu inaiga upofu badala ya kuusaidia. Izime, waandikie watengenezaji na uwaeleze jaribio hili lilivyokwenda, kisha tumia kichujio cha mfumo kinachoelezwa hapa chini.

Hapa pana jambo moja la kusimama nalo. Upofu wa rangi wa kuzaliwa haubadiliki kadiri miaka inavyokwenda, na huwa sawa katika macho yote mawili. Ikiwa gemu uliyokuwa ukiicheza bila shida imeanza kukuchanganya rangi hivi karibuni, au jicho moja linaona rangi tofauti na lingine, acha kurekebisha mipangilio na umwone daktari wa macho.

## Skrini nzima imepauka, imekuwa ya kijivu, au kichujio cha mfumo hakifiki kwenye gemu

Rangi zikionekana kupauka au kugeuka ajabu, karibu kila mara vichujio viwili vinafanya kazi kwa pamoja, kimoja cha gemu na kimoja cha mfumo. Zima kimoja. Katika Windows 11 cha mfumo kiko hapa:

```
Settings > Accessibility > Color filters
```

Skrini ikiwa ya kijivu ghafla, huenda umebonyeza `Windows + Ctrl + C` bila kukusudia. Njia hiyo ya mkato, ikiwa imeruhusiwa katika ukurasa huohuo, huwasha na kuzima kichujio. Ibonyeze tena, kisha uifunge kama huihitaji.

Kwa upande mwingine, ikiwa kichujio cha mfumo kinaonekana kwenye eneokazi lakini gemu ikifunguka rangi zinarudi za kawaida, nenda kwenye mipangilio ya video ya gemu na ubadilishe `Fullscreen` iwe `Borderless`. Gemu inapoitwaa skrini peke yake inaweza kupita pembeni ya mahali ambapo mfumo huweka kichujio chake. Usijaribu kuthibitisha kwa kupiga picha ya skrini na kumtumia mtu, kwa kuwa kichujio cha Windows hakiingii katika picha hiyo, nawe utaambiwa kwamba rangi ni za kawaida wakati kwako zimebadilika. Piga picha skrini yenyewe kwa kamera ya simu.

## Kitufe kilichohamishwa kinafanya kazi mbili, au hakifanyi ile uliyokipa

Nitaanza na kisa kamili, kwa sababu kinaonyesha jinsi tabaka mbili zinavyoweza kufutana. Mchezaji mmoja ana udhaifu katika kidole gumba cha mkono wa kushoto, na hawezi kukibonyeza mara kwa mara kijiti cha kushoto kwenda chini, kitendo kinachoandikwa L3, ambacho katika gemu nyingi ndicho kinachomfanya mhusika akimbie. Alitaka kukimbia kwa kitufe cha X, na kuruka, kulikokuwa kwenye X na ambako hukuhitaji mara chache tu, kuhamie L3. Aliingia kwenye mipangilio ya konsoli akabadilishana X na L3. Alipofungua gemu aliona menyu bado inaonyesha L3 kwa kukimbia, akadhani badiliko halikushika, akaingia kwenye mipangilio ya gemu na kubadilishana tena: kukimbia kwenye X, kuruka kwenye L3. Akabonyeza X. Mhusika akaruka.

Fuata safari ya kitufe kimoja. Kidole kinabonyeza X. Konsoli, kwa agizo la kwanza, inaiambia gemu kwamba L3 imebonyezwa. Gemu, kwa agizo la pili, inajua kwamba L3 sasa ni kuruka. Mabadilishano mawili yamemrudisha alikoanzia, na kila tabaka limetii kikamilifu. Mchezaji huyo alibadilisha pedi mbili akiamini kwamba zimeharibika, na hakuna hata moja iliyokuwa na kasoro.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudisha kila tabaka katika hali yake ya awali, kuanzia lililo karibu na mkono: pedi yenyewe ikiwa ina mipangilio ya ndani, kisha konsoli au kompyuta, kisha Steam, kisha gemu. Katika PlayStation 5 tazama `Settings > Accessibility > Controllers`, katika Xbox fungua programu ya Xbox Accessories, na katika Nintendo Switch tafuta `Change Button Mapping`, sehemu iliyoongezwa na toleo la 10.0.0 la mfumo mwezi Aprili 2020. Baada ya hapo hamisha vitufe katika tabaka moja tu. Chagua gemu yenyewe kila inapowezekana, kwa sababu gemu ndiyo pekee inayojua kwamba kitufe kilekile huweza kuwa na kazi moja ukitembea na nyingine ukiendesha gari, na ndiyo inayoweza kubadilisha picha za vitufe zinazoonekana kwenye skrini. Mfumo hubadilisha kitufe katika gemu zote kwa pamoja, na mara nyingine hata katika menyu za konsoli.

Ikiwa kitufe kimoja kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja na unacheza kwenye kompyuta, kisababishi kinachofuata kwa wingi ni Steam. Sehemu yake inayoitwa Steam Input huichukua pedi yako na kuiwasilisha kwa gemu kama pedi ya Xbox ya kubuni. Gemu inayojua pia kuisoma pedi halisi moja kwa moja, jambo linalotokea sana kwa pedi za PlayStation, huona pedi mbili: moja yenye mpangilio wako mpya na moja yenye mpangilio wa zamani. Funga gemu, bonyeza jina lake katika Steam kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda `Properties`, kisha `Controller`, na uchague `Disable Steam Input`. Ikiwa ulikuwa unategemea uhamishaji wa Steam, fanya kinyume chake: iache Steam Input imewashwa na uondoe uhamishaji wote ndani ya gemu.

Tatizo likiendelea hata tabaka zote zikiwa safi, ndipo uishuku pedi. Katika Windows bonyeza `Windows + R`, andika amri ifuatayo, chagua pedi yako na ubonyeze `Properties`:

```
joy.cpl
```

Dirisha litakuonyesha kila kitufe kikiwaka unapokibonyeza. Bonyeza kitufe chenye tatizo mara 20 taratibu. Kikiruka mara kadhaa, au kikiwaka chenyewe bila kuguswa, kasoro ni ya umeme au ya uchafu, nayo haitatibiwa na menyu. Pedi yenye dhamana irudishwe ilikonunuliwa kabla ya kufunguliwa. Na ikiwa pedi imevimba, mfuniko wake umeachana au inapata joto wakati haichaji, usiichaji tena wala usiifungue: betri ya lithiamu iliyovimba huweza kuwaka moto, na kazi hiyo ni ya fundi.

## Mpangilio wa vitufe unapotea kila gemu inapofunguliwa

Anza na rahisi. Gemu kadhaa hazihifadhi mpaka ubonyeze `Apply`, na ukitoka kwenye menyu kwa kitufe cha kurudi hutupa ulichofanya bila kuuliza. Nyingine hukuruhusu kubadilisha vitufe juu ya mpangilio ulio tayari, lakini huhifadhi tu ule unaoitwa `Custom`. Chagua `Custom` kwanza, kisha uhamishe vitufe.

Kisababishi kinachofuata ni uhifadhi wa wingu. Ikiwa unacheza kwenye mashine mbili, au gemu iliwahi kuzimika ghafla kabla ya kupeleka faili, nakala ya zamani iliyo kwenye seva inaweza kushuka na kuifuta mpya. Katika Steam fungua `Properties`, sehemu ya `General`, zima Steam Cloud kwa gemu hiyo, hamisha vitufe, funga gemu kwa njia yake ya kawaida, ifungue tena na utazame. Mpangilio ukibaki, umepata kisababishi. Washa wingu tena na, ukiulizwa, chagua faili ya mashine yako.

Baada ya gemu kusasishwa, mpangilio ukifutika mara moja tu, hiyo si kasoro ya kudumu. Watengenezaji wanapoongeza kitendo kipya kwenye orodha, mpangilio wa zamani huweza kukosa kulingana nao, na gemu hurudi kwenye wa awali. Piga picha ya ukurasa wa vitufe vyako ili urudie kwa dakika chache badala ya kukumbuka kwa kichwa.

Hatua ya ndani zaidi ni kulitazama faili lenyewe. Gemu nyingi zilizojengwa kwa Unreal Engine 4 huweka mabadiliko ya vitufe hapa, ambapo neno GEMU ni jina la folda ya gemu husika:

```
%LOCALAPPDATA%\GEMU\Saved\Config\WindowsNoEditor\Input.ini
```

Toleo la 5 la injini hiyo hutumia folda iitwayo `Windows` mahali pa `WindowsNoEditor`. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, fungua `Properties` na uhakikishe `Read-only` haina alama, kwa kuwa faili iliyofungwa kuandikwa huiacha gemu ikionekana kana kwamba imehifadhi wakati haikuhifadhi. Nakili faili pembeni kabla ya kubadilisha herufi yoyote.

## Kitufe kimoja kinakataa kuhamishwa, au skrini inaendelea kuonyesha kitufe cha zamani

Picha ya kitufe isiyobadilika mara nyingi humaanisha tu kwamba ulihamisha kwenye mfumo, si kwenye gemu. Gemu haijui kilichotokea na itaendelea kukuambia ubonyeze kile inachokijua. Hapo hakuna cha kurekebisha. Ama uhamie kwenye mipangilio ya gemu, ama ubandike alama ndogo kwenye pedi.

Kitufe kinachokataa kina sababu mbili. Kwanza, huenda kina kazi nyingine ambayo gemu hairuhusu kuiacha tupu, hivyo ipe kazi hiyo kitufe kingine kwanza, kisha urudi. Pili, huenda watengenezaji wameifunga kazi hiyo ndani ya msimbo, hasa kusitisha mchezo, kuthibitisha katika menyu, na matukio ya kubonyeza haraka haraka yanayojitokeza ghafla. Kwa matukio hayo, tafuta kama kuna chaguo la kushikilia kitufe badala ya kukibonyeza mara nyingi, au la kubonyeza mara moja badala ya kushikilia. Kwa mtu anayeumia mkono, chaguo hilo huweza kuwa na msaada kuliko kuhamisha vitufe vyote. The Last of Us Part II ya mwaka 2020, yenye zaidi ya chaguo 60 za ufikivu, huruhusu vyote viwili, na ni mfano mzuri wa kujua unachoweza kuwadai watengenezaji wengine.

Kazi ikiwa imefungwa kabisa ndani ya msimbo, mfumo wa konsoli au Steam Input ndiyo njia iliyobaki. Programu za nje za kuhamisha vitufe ziogope katika gemu za mtandaoni. Baadhi ya programu za kuzuia udanganyifu huzikataa, na makro, yaani kubonyeza mara moja kukafanya vitendo kadhaa, huweza kusababisha akaunti yako ifungiwe hata kama nia yako ni kuupumzisha mkono. Soma masharti ya gemu, na ukiwa na shaka waulize watoa huduma wake kwa maandishi kabla ya kuingia uwanjani.

Ikiwa umehamisha vitufe kwa sababu ya maumivu, na maumivu hayo yanabaki saa kadhaa baada ya kucheza, au vidole vinakufa ganzi, usiendelee kutafuta mpangilio mwingine. Mtaalamu wa tiba ya mikono ataangalia jinsi unavyoishika pedi, na anaweza kukushauri kifaa cha aina nyingine kabisa, kama Xbox Adaptive Controller iliyotoka mwaka 2018, ambayo ina matundu ya kuchomekea vitufe vikubwa vya nje unavyoweza kuviweka popote mwili unapofika bila shida.